Nataka kiwanda kinihakikishie bechi namba ya dawa ya presha ya mama, ujumbe wangu una kasoro gani?

#1 Mwana wa Mbagala
Wakuu habari za jioni. Mama yangu anatumia amlodipini ya miligramu 5 mwaka wa tatu sasa, kampuni ile ile, famasi ile ile. Wiki mbili zilizopita pale tunaponunuaga wakasema imeisha, nikaingia famasi nyingine karibu na stendi, boksi lile lile, rangi ile ile, bei ikawa chini kidogo nikafurahi. Sasa tangu aanze hilo boksi presha yake haitulii, juzi 165/100 wakati yeye kawaida ni 130 na kitu. Usiku wa siku tatu zilizopita nikakaa nalikagua boksi. Nje limeandikwa linaisha 05/2027, stripu mbili za ndani nazo 05/2027, ila stripu ya tatu ambayo mama alikuwa anaitumia imeandikwa 11/2026. Bechi T4471K.

Nikaingia kwenye tovuti ya kiwanda (kipo India, jina nalihifadhi) nikawaandikia kastama kea hivi: "Habari, nimenunua dawa yenu bechi namba T4471K naomba mniambie ni orijino au feki. Asante." Leo siku ya nne kimya. Nimekosea kuandika au ndo hawajibu watu wa huku?

#2 Kiroboto Tembo
Bila picha uzi haujakamilika. Naweka kambi.

#3 Bwana Gugo
Mkuu hiyo rahisi sana mbona, kuna tovuti za kuchekia bechi kodi, unaingiza namba inakuletea imetengenezwa lini na kama ni orijino. Mi pafyumu zangu zote nachekia huko kabla sijalipa.

#4 Kiroboto Tembo
Bechi kodi? TRA nao wamefika kwenye vidonge?

#5 Shangazi Nunu
Mwanangu kabla ya yote, mama anakunywa nini sasa hivi? Usije ukamkatisha dawa ya presha kwa sababu unachunguza boksi.

#6 Mwana wa Mbagala
Shangazi shikamoo, nimemchukulia nyingine hospitali ya wilaya, lile boksi nimelifungia kabatini.

#7 Mfamasia wa Uyole
Hapo kwenye kabati umefanya la maana, wengi wanatupa halafu wanaanza kulalamika mikono mitupu. Usitupe hata ile stripu iliyoliwa, ile karatasi yake ya fedha ndo shahidi wako.

Kuhusu ujumbe, ngoja nikuambie kwa nini hawajakujibu, mimi nimewahi kukaa upande wa pili, kwa muagizaji wa dawa. Swali lako halijibiki. Bechi namba ni ya mzigo mzima uliotengenezwa pamoja, inaweza kuwa vidonge laki kadhaa, na vyote vina namba moja. Mtu wa kughushi hahitaji kubuni namba, ananunua boksi moja orijino dukani ananakili. Kwa hiyo hata wakikuta T4471K kwenye kumbukumbu zao hawawezi kukwambia boksi LAKO ni lao, na mwanasheria wao hatakubali waandike neno orijino juu ya kitu ambacho hawajakiona. Wakiona swali la "orijino au feki" wanaliacha.

Waulize wanachoweza kujibu. Bechi hii ipo kwenye kumbukumbu zenu? Ni ya dawa gani, nguvu gani, pakiti ya vidonge vingapi? Ilitengenezwa lini na inaisha lini? Ilipelekwa Tanzania? Hayo mtu anafungua kompyuta anaona. Halafu usipeleke kwenye kastama kea ya jumla, kwenye tovuti tafuta sehemu ya kuripoti madhara au malalamiko ya ubora, hao wana utaratibu, ukiwaandikia wanatakiwa wakupe namba ya lalamiko.

Na tuwekee picha, Kiroboto kwa mara ya kwanza kasema kitu.

#8 Bwana Gugo
@Mfamasia wa Uyole sasa zile tovuti zinafanyaje kazi kama sio kuonyesha orijino?

#9 Mfamasia wa Uyole
Zinasoma tu maana ya herufi, kwamba herufi hii ni mwaka huu, tarakimu hizi ni siku fulani. Ukinakili namba ya kweli kwenye chupa ya maji ya bomba itakuletea tarehe nzuri kabisa. Tena hizo ni za vipodozi, dawa hazimo.

#10 Bwana Gugo
Duh. Nina pafyumu sita hapa naziangalia kwa jicho lingine.

#11 Fundi Mlandizi
Hata kwenye bearingi za magari ni hivyo hivyo. Nilishanunua bearingi boksi lina namba, chuma kina namba, vinalingana safi, imelia ndani ya mwezi. Nikampigia wakala picha kanijibu namba ipo lakini chapa kwenye chuma chetu haiko hivyo. Yaani namba ilikuwa ya kweli, bearingi ndo ya uongo.

#12 Mpare Halisi
Mnahangaika bure, angalieni barkodi. Ikianza na 620 ni Tanzania, 616 Kenya, 890 India. Dawa ya India ikiwa haina 890 hiyo feki moja kwa moja. Mleta uzi soma barkodi utuletee majibu.

#13 Mfamasia wa Uyole
@Mpare Halisi nusu yake kweli. Hizo tarakimu zinaonyesha namba ilisajiliwa shirika la nchi gani, hazionyeshi kiwanda kilipo. Kampuni ya Ulaya inaweza kutengenezesha India na barkodi ikabaki ya kwao. Na nayo inanakiliwa kama kitu kingine chochote.

#14 Mpare Halisi
Ila 890 ni India.

#15 Mfamasia wa Uyole
890 ni India mzee wangu.

#16 Mwana wa Mbagala
Picha hizo wakuu nimeweka nne: boksi mbele, boksi ubavuni, stripu nzima, na stripu ya tatu iliyobaki na vidonge viwili. Kuna kimraba cha madoadoa pia ubavuni, nimekiskani na simu kikaleta hivi (tarakimu za bidhaa nimebadilisha nisiitaje kampuni):

```
01089012345678901727053110T4471K
```

Sijaelewa kitu ila naona bechi ipo mwishoni.

#17 Kijana wa Tegeta
Hiyo naijua mimi niko kazi za bohari. Isome kwa vipande. 01 mwanzoni maana yake zinafuata tarakimu 14 za bidhaa. Kisha 17 ni tarehe ya kuisha, inaanza mwaka: 270531, yaani 31/05/2027. Kisha 10 ni bechi: T4471K. Kwa hiyo kimraba na maandishi ya boksi vinasema kitu kimoja. Ukikuta vinapishana hapo ndo unapiga kelele, maana wachapaji wa feki wengi wananakili kimraba kama picha halafu tarehe wanaibadilisha kwa maandishi tu.

Kingekuwa na 21 hapo mwisho ingekuwa namba ya boksi moja moja na kiwanda kingeweza kukwambia kuhusu boksi lako hasa. Hiki hakina.

#18 Binti wa Kaunta
Jamani mbona hakuna aliyesoma picha ya nne. Vuteni karibu. Stripu ya tatu haijaandikwa T4471K, imeandikwa T4417K. Moja na saba zimepishana.

#19 Mwana wa Mbagala
Weeee! Subirini nitoe miwani ya mama.

#20 Mwana wa Mbagala
Ni kweli. 4417. Nimeitazama hiyo stripu siku tatu sijaona, macho yalishaamini ni ile ile ya boksi.

#21 Kiroboto Tembo
Kwa hiyo kiwanda umewauliza namba ambayo haina tatizo 😂😂 wangekujibu ipo ungeshukuru ukamrudishia mama.

#22 Binti wa Kaunta
Ngoja niseme ukweli ila msinipige mawe. Nimefanya famasi miaka minne. Boksi likichanika, au mteja akichukua stripu moja moja, zile zinazobaki tunazikusanya kwenye boksi lingine zima ili kabati lisijae. Hatuangalii bechi, tunaangalia jina na miligramu. Kwa hiyo mi naona hiyo stripu ni ya boksi lingine tu, bechi ya zamani, ndo maana inaisha mapema. Hakuna feki hapo.

#23 Mzee wa Ngamiani
Kwa hiyo na zile zinazokatwa kwa mkasi kidonge kimoja kimoja bechi namba inabaki upande gani?

#24 Binti wa Kaunta
Inabaki kwenye kipande cha mwisho mzee, shikamoo. Ndo hapo anayenunua mwanzo hajui alichokula. Siku hizi nakata kuanzia upande usio na namba.

#25 Mfamasia wa Uyole
@Binti wa Kaunta maelezo yako ndo ya kwanza ningeyafikiria mimi pia, yanatokea kila siku. Ila angalia tena picha ya tatu na ya nne. Stripu ya kwanza namba imegandamizwa kwenye ukingo, haina wino, ukipapasa unaihisi kwa kidole. Ya tatu imechapwa kwa wino mweusi katikati. Bechi mbili za kiwanda kimoja kwa kawaida zinapita mashine ile ile.

#26 Binti wa Kaunta
Kwa kawaida. Kiwanda kikiwa na mashine mbili je? Au wamebadilisha mashine mwaka huo?

#27 Mfamasia wa Uyole
Inawezekana kabisa. Ndo maana anauliza kiwanda hatuulizi sisi.

#28 Fundi Mlandizi
Au ni mzigo uliokwisha muda wakafuta wakapiga tarehe mpya. Kwenye matairi wanafanya.

#29 Kijana wa Tegeta
Wangekuwa wanafuta tarehe wangeandika 2028 fundi, sio 11/2026 ambayo ni mapema kuliko boksi lenyewe. Anayeghushi tarehe anasogeza mbele.

#30 Fundi Mlandizi
Sawa. Hapo umenipata.

#31 Kamanda wa Bunia
Mambo ya bechi muiulize na sisi wa Ituri. 2014 na 2015 kule kwetu watu walianza kupinda shingo, ulimi unatoka inje, macho yanaangalia juu, waganga wakasema ni meninjiti. Kumbe ilikuwa vidonge. Vyupa vya vidonge 1000 vimeandikwa diazepamu, na ndani mulikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani likatoa tangazo. Chupa ilikuwa na karatasi yake muzuri na namba zake. Karatasi haionje dawa, wapenzi.

#32 Shangazi Nunu
Mungu wangu. Na huku 2012 si kulikuwa na zile za kufubaza virusi zilizokamatwa hospitali ya Tarime? Nakumbuka nilikuwa nahudumia wagonjwa wa nyumbani, watu walikuja na makopo yao kwenye mifuko wanatuuliza namba.

#33 Mfamasia wa Uyole
Ndio hiyo. Sasa nimpe mleta uzi mfano mmoja unaoonyesha majibu yanavyoweza kuja, maana akijibiwa atataka kujua amejibiwa nini. Juni 2024 WHO walitoa tahadhari ya sindano bandia za Ozempiki zilizokutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Bechi tatu, na kila moja kiwanda kilijibu kivyake. LP6F832 haikuwepo kabisa kwenye kumbukumbu, hiyo imebuniwa. NAR0074 iliambatana na namba ya boksi ambayo haikuoana na kumbukumbu za kiwanda. Na ya tatu MP5E511 ilikuwa namba ya kweli kabisa ya kiwanda, lakini sindano ni bandia.

Umeona hiyo ya tatu. Jibu la "haipo" linakwambia kitu kikubwa. Jibu la "ipo" halikwambii chochote mpaka walinganishe na kitu chenyewe. Viwanda vinatunza sampuli za kila bechi, kwa dawa ni angalau mwaka mmoja baada ya kuisha muda, kwa hiyo wakitaka wanaitoa kabatini wanaiweka kando ya picha zako. Lazima uwaombe hilo kwa maneno.

#34 Mtu wa Kayole
Buda huku Kenya dawa zingine ziko na ile sehemu ya kukwaruza, unakwaruza unatuma mesej unaambiwa iko sawa ama la. Si hiyo ingemaliza stori yote?

#35 Mfamasia wa Uyole
Ingesaidia kweli, maana ile kila pakiti ina namba yake na ikitumwa mara mbili mtambo unashtuka. Bechi ni ya mzigo, ile ni ya pakiti. Dawa ya mleta uzi haina.

#36 Mwana wa Mbagala
Sawa wakuu, nimeandika upya, someni kabla sijatuma. Nitakipeleka kiwandani kwa kizungu changu cha kuombea maji, nakala kwa muagizaji wao hapa Dar kwa kiswahili:

"Kwa kitengo cha malalamiko ya ubora. Mimi ni mtoto wa mgonjwa, niko Dar es Salaam. Nimenunua famasi ya rejareja boksi moja la amlodipini miligramu 5, vidonge 30, risiti ninayo. Boksi na kimraba chake vinaonyesha bechi T4471K, mwisho 05/2027. Stripu mbili za ndani zinalingana na boksi, namba imegandamizwa bila wino. Stripu ya tatu ina bechi T4417K, mwisho 11/2026, imechapwa kwa wino. Naomba mniambie kwa kila bechi, kila moja peke yake: ipo kwenye kumbukumbu zenu? Ni ya dawa na nguvu gani, pakiti ya vidonge vingapi, inaisha lini, ilipelekwa Tanzania? Naomba pia mlinganishe picha hizi na sampuli mlizotunza, hasa uchapaji. Mgonjwa alitumia vidonge 8 vya stripu ya tatu, presha ikapanda hadi 165/100. Vidonge 2 vimebaki, nimevihifadhi. Naomba namba ya lalamiko. Nimetuma ujumbe wa kwanza wiki hii wenye namba moja tu, naomba muupuuze."

#37 Kijana wa Tegeta
Ongeza kwamba herufi umezinakili ulivyoziona, kama hujui ni sifuri au O, moja au I, sema. Wakikosea herufi moja watakujibu haipo halafu utazua taharuki.

#38 Mzee wa Ngamiani
Na famasi uitaje kijana, wasiwaumize wengine.

#39 Mfamasia wa Uyole
Kwa kiwanda na TMDA aitaje, hapa asiitaje. Bado hatujui nani kakosea nini. Na mkuu, usitume vidonge kwa kuria hata wakikuomba, una viwili tu. Peleka kimoja ofisi ya TMDA na ile karatasi uipige picha pande zote kabla. Wao wana maabara, kastama kea ana kompyuta.

#40 Bwana Gugo
Si apasue kidonge aonje tu, amlodipini ina uchungu wake.

#41 Shangazi Nunu
@Bwana Gugo endelea na pafyumu zako.

#42 Mwana wa Mbagala
Wakuu mrejesho, samahani kwa kupotea siku kumi. Ule ujumbe wa kwanza walinijibu jana ASUBUHI, mstari mmoja: "Bechi T4471K ni bidhaa yetu halali, asante kwa kutuamini." Ule wa pili umejibiwa leo na mtu mwingine kabisa, kitengo cha ubora, kaweka na namba ya lalamiko. Anasema T4471K ni yao, miligramu 5, pakiti ya 30, mwisho 05/2027, ilikuja Tanzania. Halafu T4417K nayo ipo kwenye kumbukumbu zao, ila ni ya miligramu 10. Na anauliza picha ya nyuma ya stripu pamoja na kidonge chenyewe.

Stripu yangu imeandikwa 5.

#43 Kiroboto Tembo
Eeeh! Kambi yangu ililipa.

#44 Kijana wa Tegeta
Hapo ni feki. Mtu kachukua namba ya kumi kaipiga kwenye ya tano.

#45 Binti wa Kaunta
Au kiwanda kimekosea karatasi, vidonge vya 10 vimefungwa kwenye karatasi ya 5. Hiyo ni mbaya kuliko feki, maana ni bechi nzima imeenda hivyo, sio stripu moja.

#46 Mpare Halisi
Angekuwa anakula 10 presha ingeshuka, sio kupanda. Kwa hiyo feki.

#47 Mfamasia wa Uyole
Ungekuwa na haki @Mpare Halisi kama presha ingekuwa inategemea kidonge peke yake. Mleta uzi, mama miguu haijavimba hizi wiki? Amlodipini inavimbisha vifundo vya miguu na kwenye 10 inaonekana zaidi.

#48 Mwana wa Mbagala
Imevimba kidogo. Lakini hiyo ni ya siku nyingi hata kabla ya boksi hili. Na kuna jambo sikulisema mwanzo, wiki hizo mbili tulikuwa na msiba wa mjomba Kisarawe, halali vizuri, chakula cha msibani chumvi tele. Sasa hivi na dawa ya hospitali iko 148/92.

#49 Kiroboto Tembo
Unatuficha msiba halafu unashitaki kiwanda.

#50 Shangazi Nunu
Poleni kwa msiba mwanangu.

#51 Kijana wa Tegeta
Vidonge vyenyewe vina alama yoyote? Ukiweka kimoja cha stripu nzima na kimoja cha hii ya tatu vinafanana ukubwa?

#52 Mwana wa Mbagala
Vyote vyeupe vya duara, vina mstari wa katikati, hakuna maandishi. Cha stripu ya tatu naona kama kinene kidogo ila inaweza kuwa macho yangu, mnajua historia yake.

#53 Mtu wa Kayole
Ama ule msee wa kiwanda amesoma laini ya chini kwa kompyuta. Wewe mwenyewe ulisoma 4471 siku tatu, yeye ni malaika?

#54 Mfamasia wa Uyole
Hilo usilicheke, linawezekana sana. Mjibu kwenye lalamiko lile lile, usifungue jipya, mwambie athibitishe tena T4417K akikuandikia na tarehe ya kuisha iliyopo kwake. Wewe unayo 11/2026, lakini kwenye jibu lake hakuitaja. Kama kumbukumbu zao zinasema tarehe nyingine, basi namba imenakiliwa vibaya au imebuniwa ikaangukia ya kweli kwa bahati. Kama zinasema 11/2026 hiyo hiyo, basi ama ni karatasi imekosewa kiwandani ama mtu aliishika stripu ya kweli ya 10 mkononi akanakili yote.

Na kuna kitu kimoja kitapima hoja ya Binti wa Kaunta. Famasi ikinunua jumla inapewa ankara, na ankara ya dawa inaandikwa bechi na tarehe ya kuisha. Waombe waangalie kama waliwahi kununua T4417K. Ikiwepo kwenye ankara, stripu ilichanganywa dukani na muuzaji wa jumla anajulikana. Isipokuwepo, iliingia kwa mlango mwingine. Kama hawataki kukuonyesha, mkaguzi wa TMDA ataonyeshwa.

#55 Mwana wa Mbagala
Nimetoka TMDA mchana, kidonge kimoja na nusu ya karatasi vimebaki kwao, nimejaza fomu, wamesema watanipigia. Jibu nimelituma kiwandani na picha za nyuma. Nikapita na kwenye ile famasi. Dada aliyepo kanikaribisha vizuri tu, kafungua faili la ankara mwenyewe, za miezi mitatu zote zina T4471K na nyingine moja ambayo siyo yetu. T4417K hakuna. Ila kasema za kabla ya hapo ziko kwa mwenye duka, na aliyeniuzia siku ile alishaacha kazi.

#56 Binti wa Kaunta
Miezi mitatu michache, stripu inaweza kukaa kabatini mwaka.

#57 Kijana wa Tegeta
Alishaacha kazi lini, kabla au baada ya wewe kununua?

#58 Mwana wa Mbagala
Wiki hiyo hiyo.

#59 Kiroboto Tembo
Sitoki hapa mpaka maabara ipige simu.